Unga wa muhogo, gluteni na tapioka

Unga wa muhogo hauna gluteni. Gluteni ni protini za ngano, shayiri na rai, ilhali muhogo ni mzizi, tena wenye protini kidogo sana. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye utumbo wake hudhuriwa na gluteni, anaweza kula ugali wa muhogo, mradi unga wenyewe uwe safi.

Ukitaka kuona kwa macho, kanda donge la unga wa ngano, liache nusu saa, halafu liminyeminye taratibu ndani ya bakuli la maji. Maji yatageuka meupe kwa wanga unaotoka, na mkononi kitabaki kipande cha kijivu kinachovutika. Hiyo ndiyo gluteni. Rudia na unga wa muhogo: donge litasambaratika, na hutabaki na chochote cha kuvuta. Ndiyo maana mkate wa muhogo mtupu hauumuki kama wa ngano.

Tapioka nayo hutoka kwenye muhogo huohuo, ila si unga wa muhogo. Menya muhogo mtamu mbichi, uparuze, tia maji mengi, kisha ukamue kwenye kitambaa kama unavyokamua tui. Acha maji hayo yatulie saa kadhaa. Chini litajikusanya tabaka jeupe lililoshikana. Mwaga maji ya juu, usiyapikie, maana sumu ya asili ya muhogo huyeyuka humo. Ukikausha lile tabaka, umepata tapioka, yaani wanga wa muhogo. Zile punje nyeupe za mviringo za madukani ni wanga huohuo uliofinyangwa. Makapi ya kitambaani ni nyuzinyuzi, na hizo zimo ndani ya unga wa muhogo, kwa kuwa makopa, yaani vipande vya muhogo vilivyokaushwa, husagwa mazima.

Jikoni tofauti huonekana upesi. Koroga kijiko cha tapioka kwenye maji baridi, kisha pasha moto: utapata uji angavu unaonata. Wa unga wa muhogo hubaki mzito na wenye ukungu. Kwa hiyo pishi likitaja kimoja, usitie kingine kwa kipimo kilekile.

Sasa usafi wa unga. Kiwango cha Kodeksi, yaani mkusanyiko wa viwango vya kimataifa vya chakula, kwa chakula kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Gluteni ni takriban sehemu moja ya kumi ya unga wa ngano, hivyo robo gramu tu ya ngano ikiingia kwenye kilo ya unga wa muhogo, imeshavuka kiwango. Mashine ya mtaani iliyotoka kusaga ngano, au unga wa lishe uliochanganywa ngano, huweza kuacha zaidi ya hapo ndani yake na kwenye mfuko wake. Kuchekecha hakuondoi, na lile jaribio la bakuli haliwezi kuonyesha kiasi kidogo namna hiyo. Kwa mgonjwa wa siliaki, mimi hushauri makopa yatwangwe nyumbani kwenye kinu kisichotwangiwa ngano, au yasagwe kwenye mashine isiyopokea ngano kabisa.