"Uliofanyika" ni upi? Kufungua kifungu kimoja cha rasimu ya sheria ndogo

Tangu rasimu ya sheria ndogo ya usafirishaji wa mazao ya uvuvi ibandikwe kwenye mbao za matangazo, kitengo chetu cha sheria kimepokea malalamiko kuwa lugha yake imewekwa makusudi ili kuwaficha watu jambo. Hakuna anayefichwa. Hata hivyo kuna kifungu ambacho mama mmoja muuza dagaa wa Kirumba, Mwanza, alikisoma kwa sauti mbele yetu, akauliza swali moja, nasi watatu tukampa majibu mawili. Kifungu chenyewe ni hiki:

"Utoaji wa kibali utazingatia uwasilishaji wa uthibitisho wa ukaguzi wa usafirishaji wa mazao ya uvuvi uliofanyika katika mwalo uliosajiliwa."

Swali lake: kilichofanyika mwaloni, yaani pale ufukweni mazao ya uvuvi yanaposhushwa, ni nini?

Kwa kawaida Kiswahili hakina shida hiyo. Ukisema "kibali cha mfanyabiashara kilichofutwa", hakuna atakayedhani aliyefutwa ni mfanyabiashara, kwa sababu "ki" inaonyesha ni kipi. Lakini vitenzi vikigeuzwa majina, vingi huingia ngeli moja: kutoa huwa utoaji, kukagua huwa ukaguzi, kusafirisha huwa usafirishaji, kuthibitisha huwa uthibitisho. Hata uvuvi umo humo. "Uliofanyika" inakubaliana na yote, kwa hiyo upatanisho hautusaidii tena.

Tuchukue dagaa waliokaushwa kisiwani Ukara, wakashushwa kwenye mwalo usiosajiliwa, kisha wakakaguliwa Kirumba, na tuchukulie kuwa Kirumba imesajiliwa. Kama kilichotakiwa kufanyika mwaloni ni ukaguzi, mwenye dagaa yuko salama. Kama ni usafirishaji, yaani safari ya mzigo ianzie mwalo uliosajiliwa, basi hana sifa ya kupewa kibali. Kwa hiyo "uliofanyika" moja ndiyo inayoamua kama gari litaondoka au la.

Hapa ndipo wananchi wengi, na baadhi ya wenzetu maofisini, wanapokosea: wanadhani kurahisisha ni kufupisha. Sivyo. Kwanza unarudisha kila jina kuwa kitenzi, kisha unakiuliza kila kitenzi, nani anafanya? Jaribio langu la kwanza lilikuwa hivi:

"Afisa Uvuvi hatatoa kibali hadi mwombaji awasilishe hati inayoonyesha kuwa mazao ya uvuvi yamekaguliwa katika mwalo uliosajiliwa."

Inasomeka vizuri, lakini nimeongeza mambo manne ambayo sikutumwa. Rasimu haikusema anayetoa kibali ni Afisa Uvuvi, nilibuni mimi. Haikutaja hati, bali uthibitisho, ambao ungeweza kuwa simu ya mkaguzi. "Utazingatia" nimeigeuza "hatatoa hadi", na tofauti ni kubwa: anayezingatia jambo bado ana hiari, aliyekatazwa hana. Na nimeshaamua kuwa kilichofanyika mwaloni ni ukaguzi. Maamuzi hayo si ya mwandishi wa sheria. Niliyaandika kama maswali manne, nikayapeleka idara ya uvuvi iliyoagiza rasimu, kila swali likiwa na mfano wa dagaa wa Ukara.

Idara ikajibu: anayetoa ni Afisa Uvuvi, uthibitisho uwe wa maandishi, ni sharti, si hiari, na kilichokusudiwa ni ukaguzi. Kifungu kikawa:

"(1) Mtu anayetaka kusafirisha mazao ya uvuvi ataomba kibali kwa Afisa Uvuvi. (2) Mwombaji atawasilisha uthibitisho wa maandishi kwamba mazao hayo yamekaguliwa kwa ajili ya kusafirishwa katika mwalo uliosajiliwa."

Nikakisoma tena nikaudhika. "Kusafirishwa katika mwalo" imerudisha utata uleule. Nikasogeza mahali: "yamekaguliwa katika mwalo uliosajiliwa kwa ajili ya kusafirishwa". Kisha: "(3) Afisa Uvuvi hatatoa kibali kabla ya kupokea uthibitisho huo." Kifungu kimerefuka, nacho kiko sawa.

Mtu aliniomba "mazao ya uvuvi" iwe "samaki" tu, ili ieleweke. Hapana. Rasimu imelifafanua neno hilo, na mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, yamo. Ukiandika samaki, mwenye gunia la mabondo atasema hahusiki.

Maoni yaletwe kwa maandishi kwa mtendaji wa kata, yakitaja namba ya kifungu. "Sheria ni ngumu" si maoni tunayoweza kuyafanyia kazi. Baada ya hapo rasimu huenda Baraza la Madiwani, kisha huidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Na nirudie, kwa mara ya ngapi sijui: "faini isiyozidi shilingi 200,000" ni ukomo wa juu. Mahakama inaweza kutoza chini ya hapo.