Ikiwasha ndiyo inashika? Dhana za nywele zilizomfikisha dada mmoja saluni kwangu

Alikuja saluni kwangu, Chikongola, baada ya magharibi, akaniomba nifunge mlango kabla hajavua wigi. Ni dada wa miaka 27, anapokea wageni katika ofisi moja hapa Mtwara mjini. Alipovua, ngozi ilikuwa tupu juu ya masikio yote mawili, na mbele kabisa, kwenye paji, kumebaki kiuzi chembamba cha vinyweleo. Nimeshasuka na kuweka watu dawa ya kunyoosha nywele kwa miaka 14, na kichwa cha namna ile nimekiona mara nyingi mno. Nilipomuuliza kilianzaje, akanirudisha siku ya usaili. Alikuwa amesuka twende kilioni, mistari safi ya kurudi nyuma. Akaambiwa: "Kazi utapata, ila hicho kichwa kakitengeneze."

Dhana: nywele za asili si nadhifu, na kanuni za kazi zinazikataa

Jina la msuko ule linasema mengi. Twende kilioni ni msuko wa haraka, wa mtu aliyepata habari ya msiba na hana muda wa kukaa kitini. Basi mwanamke akiingia nao ofisini, watu wanasoma unyonge: hana hela ya saluni, au nyumbani kuna jambo. Kichwa chake ni kisafi, lakini kimeshahukumiwa.

Ukweli ni kwamba kazi zenye sababu ya kugusa nywele zinataka mambo mawili tu, kubana na kufunika. Nesi abane zisimwangukie mgonjwa, mpishi afunike zisiingie chakulani. Mwenye nywele za dawa na mwenye wigi wanaingia humohumo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu na mengine kadhaa. Nywele hazikutajwa kwa jina, kwa hiyo dada huyu hakuwa na kifungu cha moja kwa moja cha kukishika. Lakini aliyemwambia vile naye hakuwa akisema kwa niaba ya sheria, alikuwa akisema mazoea yake. Siku hizi nawaambia wateja waulize kwa adabu: "Naomba nione kanuni ya mavazi ya hapa." Kama imeandikwa "nywele ziwe safi na zimebanwa", mistari imetimiza.

Dhana: dawa ikiwasha ndiyo inashika

Hapa ndipo alipoumia, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Jumamosi baada ya usaili ule alikuna mba kwa kitana na kuosha kichwa. Jumapili dada yake akampaka dawa nyumbani, kichwa kizima, hata nywele zilizokuwa na dawa ya zamani. Ilipoanza kuchoma akaambiwa avumilie, bado haijashika. Akavumilia karibu nusu saa. Asubuhi kichwa kilikuwa na vidonda vinavyotoa maji, na baada ya wiki chache nywele zikaanza kukatika kwenye kitana.

Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai wala hisia. Kinachowasha ni ngozi, na kuwasha maana yake ngozi inaungua. Dawa ni alkali kali. Nyingine ni sodiamu haidroksaidi, nyingine ni krimu ya kalsiamu haidroksaidi inayochanganywa na maji ya kichupa kidogo kabla ya kupaka. Boksi kuwa na picha ya mtoto anayetabasamu hakuitoi dawa hiyo kwenye alkali. Kazi yake ni kukata viunganishi vya salfa ndani ya unywele, vile vinavyoufanya ujikunje. Vikikatika havirudi, ndiyo maana nywele iliyopigwa dawa mara mbili inakuwa kama uzi uliochakaa. Na dawa haibadilishi mzizi. Zinazoota zinakuja na mkunjo wenu uleule mliozaliwa nao.

Kwa anayeamua kuweka, mimi nafanya hivi: siku 3 au zaidi kabla, hakuna kuosha wala kukuna. Mwenye kidonda namrudisha nyumbani, hata kama usaili ni kesho. Napaka vaselini kwenye ngozi, paji na masikio. Dawa inagusa nywele mpya tu, kwa muda ulioandikwa kwenye boksi, nikiwa na saa mbele yangu, na mteja akisema inachoma naosha papo hapo. Kisha ile shampuu ya kuondoa dawa, ambayo nyingi hugeuka waridi kama alkali bado imo. Narudia mpaka povu liwe jeupe. Kurudia dawa ni baada ya wiki 8 au 10, maana nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na chini ya hapo hakuna nafasi ya kupaka bila kugusa za zamani.

Dhana: wigi linapumzisha nywele

Linaweza, kama ni jepesi na linavuliwa nyumbani. La kwake lilibandikwa kwa gundi kwenye paji, juu ya mistari iliyokazwa mpaka akameza panadoli ili alale. Hiyo panadoli ndiyo dalili ya kwanza. Msuko ukikuuma, mzizi unavutwa, na kwenye ngozi iliyokwisha kuunguzwa na dawa mzizi unaachia upesi zaidi. Baadaye huja vipele kando ya nywele, kisha nywele za pembeni zinapungua huku kiuzi chembamba kikibaki mbele. Kiuzi hicho ndicho kinachotujulisha kuwa nywele zimeharibiwa na kuvutwa.

Kujua kama nywele inakatika au inang'oka, itazame ncha. Yenye kitone cheupe imetoka na mzizi, na kung'oka 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Fupi isiyo na kitone imekatika njiani.

Mtaani nako wigi halikumpa amani. Jirani alimwambia amevaa nywele za maiti. Lake lilikuwa la plastiki: tulichoma uzi mmoja, ukayeyuka ukawa kidonge kigumu. Nywele ya mtu ingekuwa jivu, yenye harufu ya unyoya ulioungua. Hata hizo, nyingi hutoka kwa watu walio hai, kwa mfano waumini wanaonyoa katika hekalu la Tirumala kule India, ambako nywele hupigwa mnada. Mama mkwe naye alisema mwenye kichwa kilichosukwa josho la janaba halitimii. Wigi ni kweli livuliwe, maji yafike. Lakini kuhusu nywele zako mwenyewe zilizosukwa, Ummu Salama alimuuliza Mtume swali hilohilo, na jibu lililomo katika Sahihi Muslim ni kwamba hahitaji kuzifumua. Inatosha kujimwagia kichwani mafumba matatu ya maji.

Nilimulika ngozi yake kwa tochi ya simu. Upande wa kushoto vitundu vya nywele vilionekana. Kulia palikuwa laini, pamenyooka na kung'aa, na hapo nikamwambia aende kwa daktari wa ngozi, maana mzizi ukishafungwa na kovu saluni haina la kufanya.

Tuliacha gundi na dawa. Nikamnyoa zilizobaki zikawa fupi, akaenda kazini hivyo. Baada ya miezi 6 kushoto kumeota, kwa kuvuta ni kama sentimita 5, ingawa kwa mkunjo zinaonekana nusu yake. Kulia hakujaota. Hapo hufunika kwa kitambaa, ofisini na mtaani.