Oda imetoka dakika ya ngapi ya laivu? Ufafanuzi kwa wauzaji wa Unguja na Pemba

Malalamiko ya mauzo ya laivu yanayofika ofisini kwetu yamebadilika. Zamani mtu alisema kalipa na mzigo haujafika. Siku hizi mnunuzi wa Wete anasema kaletewa kitu tofauti na kile alichokiona kikijaribiwa, na muuzaji wa Darajani anaapa kuwa ni hicho hicho. Tukimuuliza muuzaji oda ile iliingia akiwa anaonyesha nini, hana jibu. Basi hajui pia ni onyesho lipi linalomuuzia.

Tuelewane: mioyo si oda, na anayeuliza "bei gani?" hajaagiza. Oda ni pale mtu anapotaja anataka ngapi na zipelekwe wapi.

Kabla ya kuanza, andika daftarini saa uliyobonyeza kitufe, kama simu inavyoiandika. Wengi huandika saa 3:02 wakati ujumbe wa WhatsApp unasomeka 21:14, na kesho yake hesabu haikutani. Kila onyesho lipe alama, uitamke na uiweke mbele ya kamera: "Anayetaka hii aandike S2." Oda yenye alama haikupi kazi ya kutafuta. Isiyo na alama ndiyo ya kutafutiwa dakika.

Hapo tumia saa ya ujumbe wa kwanza wa mteja, si ya malipo. Mteja anaweza kuagiza palepale, kisha akaenda kwa wakala kuweka pesa, na meseji ya muamala ikaingia laivu imeshafungwa. Ukifuata malipo, sifa yote itakwenda kwa onyesho la mwisho.

Picha nayo huchelewa kumfikia mtazamaji, mara sekunde chache, mara nusu dakika mtandao ukiwa mzito. Pima mwenyewe: mtu akae na simu nyingine, wewe piga kofi mbele ya kamera, mhesabu sekunde hadi kofi lisikike kwake. Ongeza kama dakika moja ya kuandika ujumbe. Oda inayoingia mara tu baada ya kubadilisha bidhaa kwa kawaida ni ya onyesho lililopita.

Tuchukue mfano wa muuzaji wa sabuni ya mwani aliyeanza 21:02. Kuanzia 21:10 hadi 21:20 alieleza mwani unavyoanikwa na kusagwa. Hiyo ni S1. Kuanzia 21:40 hadi 21:50 aliitoa povu sabuni kwa maji ya kisima yenye chumvi. Hiyo ni S2. Saa 21:51, akiwa ameshashika chupa ya mafuta, ukaingia ujumbe: "Nataka mbili, Chake." Huo ni wa S2, na kanda inathibitisha. Mwisho wa hesabu kila onyesho lina oda 9, naye akaona yako sawa.

Hayako sawa. Wakati wa S1 watazamaji walikuwa 180, wakati wa S2 ni 90. Kwa kila watazamaji 100, S1 imeleta oda 5 na S2 imeleta 10. Huenda sababu ni hii: sabuni iliyopikwa kwa mafuta ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi ambako sabuni nyingi hugoma, na wateja wengi wa pwani huoga maji hayo hayo.

Hata hivyo, oda 9 ni chache. Huenda waliobaki hadi 21:40 ndio waliokuja kununua tangu mwanzo. Laivu ijayo anza na povu, maelezo yafuate, bei isibadilike. Ukitangaza punguzo katikati ya onyesho, utakuwa umepima punguzo. Rudia kwa wiki kadhaa ndipo uamue.

Kanda ipakue mapema. Tangu Februari 2025 Facebook huweka kanda za laivu kwa siku 30 tu.

Sasa daftari. Lina majina na namba za watu, na hilo wengi hulichukulia wepesi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu Zanzibar pia isipokuwa kwa mambo yasiyo ya Muungano. Mtu binafsi akitiwa hatiani kwa kufichua taarifa hizo kinyume cha sheria hukabiliwa na faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa hiyo usibandike picha ya orodha ya oda kwenye stetasi ili kuonyesha biashara inakwenda. Kwa kutafuta onyesho linalouza, jina halihitajiki kabisa: saa ya ujumbe, alama na idadi vinatosha. Majina yaweke kwenye daftari la kupeleka mizigo.

Anayeleta lalamiko, muuzaji au mnunuzi, aje na ujumbe wa oda unaoonyesha saa, meseji ya muamala na kipande cha kanda cha dakika husika. Picha ya bidhaa peke yake haitoshi.