Si lazima ulale hospitali ndo bima ilipe: mtoto wa jicho, kusafisha figo na kitanda usichokihitaji

Wiki hii peke yake nimeambiwa mara nne, na mara ya nne nikaona bora niandike tu. Nakaa dawati la bima hospitalini, kazi yangu ni kuomba idhini, kufunga mafaili na kutuma madai, na kuna sentensi moja nimeisikia mpaka naisikia usingizini: "bila kulala, bima hailipi."

Wa mwisho alikuwa kijana kamleta mama yake, mama wa miaka 70 na kitu, jicho la kulia halioni tena uso wa mtu akiwa hatua tatu. Idhini imeshatoka, lenzi imeshapimwa, kila kitu kiko sawa, halafu kijana ananiinamia dirishani ananong'ona, "Dada, naomba umwambie daktari amwandikie alale hata usiku mmoja, nisije nikalipa mfukoni." Nikamwambia mdogo wangu, ukimlaza ndo utalipa mfukoni. Hakuniamini, ikabidi nimfungulie mkataba wake mwenyewe.

Hii dhana haikutoka hewani, nakubali. Mikataba mingi ya bima inaeleza kulazwa kuwa ni kukaa hospitali masaa 24 au zaidi, watu wanasoma mstari huo wanafunga karatasi. Ukisogea mbele kidogo utakuta kipengele kingine, matibabu ya kutwa, maana yake matibabu ambayo zamani yalihitaji ulale lakini kwa vifaa vya siku hizi yanaisha ndani ya siku, yanafanyika kwenye chumba cha upasuaji au kitengo chenye vifaa kamili, kwa ganzi au nusu kaputi au mashine, na yanalipwa kutoka fungu lilelile la kulazwa. Mikataba mingine inayaorodhesha kwa majina na mtoto wa jicho na kusafisha figo karibu kila mara yamo, mingine haina orodha inatoa maelezo ya jumla tu. Kwa hiyo swali la kuniuliza si "nikilala?", ni "je matibabu haya yamo kwenye kutwa?"

Sasa hebu angalia upasuaji wenyewe wa mtoto wa jicho ulivyo uone kitanda kinaingia wapi. Mgonjwa anafika saa 1 asubuhi, anawekewa matone ya kupanua mboni yanarudiwa kila baada ya dakika kadhaa, anapigwa presha, mwenye kisukari anapimwa sukari. Ganzi ni ya matone au sindano pembeni ya jicho, haulazwi usingizi. Daktari anakata sehemu isiyozidi milimita 3, anaivunjavunja lenzi iliyochafuka kwa mawimbi ya sauti anainyonya, anaingiza lenzi mpya ikiwa imekunjwa inafungukia humo ndani, na kidonda kinajifunga chenyewe mara nyingi bila nyuzi. Dakika 20 au 30. Anawekewa ngao ya kukinga jicho, anakunywa chai, anaelezwa matone ya nyumbani, na kabla ya adhuhuri yuko njiani. Akilala wodini usiku ule atafanyiwa nini? Atapewa matone yaleyale ambayo binti yake angemuwekea nyumbani.

Watu wanasema usiku wa kwanza ndo wa hatari. Hapana jamani. Kile tunachokiogopa kuliko vyote ni maambukizi ndani ya jicho, na hayo kwa kawaida yanajitokeza siku kadhaa baadae, ndani ya wiki ya kwanza hivi, wakati huo hata aliyelala hospitali ameshatoka. Dalili zake ni maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, jicho kuwa jekundu zaidi, na kuona kurudi nyuma baada ya kuwa kumeanza kuwa kuzuri. Ukiona hivyo usisubiri kliniki, nenda siku hiyohiyo hata kama ni usiku, masaa yanahesabika. Kinachomlinda mgonjwa ni kurudi kesho yake daktari alitazame jicho, mikono safi wakati wa matone na kutosugua, siyo shuka la wodini.

Turudi kwenye hela, maana ndo iliyomtisha yule kijana. Tuseme mkataba una ukomo wa 100 kwa jicho moja na gharama nzima ya upasuaji wa kutwa ni 90. Hapo mgonjwa halipi kitu. Umlaze usiku mmoja, kitanda na huduma za wodi ziongeze 25, bili inakuwa 115. Bima wakiwa wapole watalipa mpaka 100, wewe unatoa 15. Ila mara nyingi hawaishii hapo, daktari wa bima anafungua faili anauliza sababu ya kitabibu ya kulala ni ipi, na akikosa anakata 25 yote. Nimeona moja ilirudi hivyo, familia ilimbembeleza daktari akaandika "alazwe kwa uangalizi" basi, halafu kwenye karatasi ya manesi ya saa 12 jioni imeandikwa mgonjwa anatembea, amekula, hana maumivu. Nani atalipia kitanda cha mtu anayetembea na hana maumivu? Wakazuia faili lote kwa wiki kadhaa wakitaka maelezo, familia ikanijia mimi na hasira, na mimi nilikuwa nimewaambia.

Ipo sababu ya kweli ya kulala, sikatai. Presha ya jicho imepanda baada ya upasuaji, sukari imeshuka haijatulia, mtoto mdogo aliyepewa nusu kaputi, upasuaji umepata hitilafu. Hapo alazwe bila kuogopa, lakini daktari aandike kipimo na saa, siyo neno "uangalizi" tupu, na bima wajulishwe siku hiyohiyo ili idhini ya kutwa ibadilishwe kuwa ya kulazwa. Usisubiri kesho wakati wa kutoka.

Kuna upande wa pili wa dhana hiyohiyo unaoumiza zaidi kwa sababu hauonekani. Mtu anasema "sikulala, basi mimi ni mgonjwa wa nje." Wakati mwingine hata karani wa malipo anaamini hivyo, anaingiza upasuaji kwenye fungu la wagonjwa wa nje, na fungu hilo kwa kawaida ni dogo sana, upasuaji mmoja unalimaliza na mwaka mzima unakosa hata hela ya malaria. Utajuaje? Angalia barua ya idhini imeandikwa kutwa au kulazwa, au nje. Halafu baada ya matibabu angalia salio, lililopungua ni la fungu gani. Ukikuta la nje limeshuka rudi dawatini haraka, kurekebisha kabla madai hayajatumwa ni dakika tano tu, yakishalipwa ni barua juu ya barua. Ila na nyie msigeuze kinyume, kutolewa jino au kuchomwa sindano hakuwi matibabu ya kutwa eti kwa sababu ulitumia asubuhi nzima hospitali. Kile ambacho kawaida yake ni cha nje kinabaki nje.

Kusafisha figo ndo wengi wanakwama zaidi. Kipindi kimoja cha mashine ni kama masaa 4, mara 3 kwa wiki, hesabu mwenyewe, vipindi 12 au 13 kwa mwezi na zaidi ya 150 kwa mwaka. Dhana ninayoisikia ni kwamba idhini ikishatoka mara ya kwanza imetoka moja kwa moja. Siyo, idhini huwa ni ya idadi ya vipindi au ya muda fulani, ikiisha asubuhi ya siku yako ya mashine ndo pale unaona mgonjwa kavimba miguu amekaa benchi anasubiri simu ya bima ijibu. Mimi nawasisitiza wagonjwa wangu wote wawe na daftari dogo, kila kipindi andika tarehe, uzito wa kuingia, uzito wa kutoka, na vipindi vilivyobaki kwenye idhini, vikibaki vitatu njoo dawatini tuombe vingine. Na uliza kabla kama kipindi kinajumuisha sindano ya kuongeza damu na vipimo vya mwezi, au vinahesabiwa pembeni, na kama ile operesheni ndogo ya kuunganisha mishipa mkononi kwa ajili ya mashine ina idhini yake. Huo mshipa unahitaji wiki kadhaa mpaka miezi kukomaa kabla ya kuchomwa, kwa hiyo ukichelewesha karatasi unaongeza muda wa kukaa na katheta, ule mpira wa kupitishia damu, shingoni, na katheta ndo inaleta maambukizi.

Na hili naliomba kwa dhati, usiruke kipindi ili "kutunza salio." Nilishamuona mtu amefanya hivyo, akawa anakwenda mara mbili badala ya tatu, maji yakajaa mapafuni akaletwa hapumui vizuri, akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi, na zile siku zikala salio kuliko vipindi vyote alivyoruka. Potasiamu ikipanda kwenye damu moyo unaweza kusimama bila kukupa onyo. Salio likikaribia kuisha tuambie mapema, kuna barua za kuomba nyongeza, kuna njia nyingine za malipo, tunaanza kuzitafuta ukiwa bado una mwezi mkononi.

Mengine kwa haraka. Eti mtoto wa jicho lazima aive kwanza, hiyo ilikuwa zamani. Akikomaa sana anakuwa mgumu, mashine inatumia nguvu nyingi ndani ya jicho na kioo cha mbele kinaumia. Anafanyiwa pale anapoanza kukuzuia kusoma, kutembea, kufanya kazi. Ila kagua kipindi cha kusubiri, mikataba mingi inamtaja mtoto wa jicho kwa jina, ukijiunga leo huwezi kufanyiwa mwezi ujao.

Eti lenzi yoyote inalipwa, hapana, bima kwa kawaida inalipa lenzi ya kawaida ya kuona umbali mmoja, ukitaka ya kuona mbali na karibu bila miwani tofauti ni yako na isainiwe kabla ya siku ya upasuaji siyo asubuhi ile mgonjwa kashawekewa matone.

Na mkilipa wenyewe ili mrudishiwe baadae, msiondoke bila stika ya lenzi. Kila lenzi inakuja na stika zenye nguvu ya lenzi na namba yake, moja inabandikwa kwenye faili, moja iwe kwenye karatasi zako pamoja na kipimo cha jicho, ripoti ya upasuaji na karatasi ya kuruhusiwa yenye saa ya kuingia na saa ya kutoka. Madai mengi ya macho yanayorudishwa kwangu yanarudi kwa kukosa hiyo stika tu.

Yule mama alitoka saa 5 asubuhi. Kesho yake alirudi kuangaliwa, ngao ikatolewa, akanitazama pale dirishani akaniambia, "kumbe wewe ni mdogo hivi." Bili ya mwanawe ilisoma sifuri.