Je, wajua kwa nini 12,500 hugeuka 12 na nusu ikifika Ujerumani?

"Nilimtumia mnunuzi wa Ujerumani orodha ya bei za viungo ndani ya barua pepe. Kanijibu akiuliza kama kweli kilo ya pilipili manga ni shilingi 12 na nusu. Mbona mimi niliandika 12,500?"

Kwa Wajerumani mkato ndio unaotenga desimali, na nukta ndiyo inayotenga maelfu. Kinyume kabisa cha mazoea yetu. Mnunuzi alinakili jedwali, akalibandika kwenye Excel, na kompyuta yake ikasoma 12,500 kama 12 na nusu. Iliki ya 28,000 nayo ikawa 28. Mdalasini peke yake ulinusurika, kwa sababu uliandikwa 9,800/=, na alama ile ya /= iliifanya Excel ione maneno badala ya namba. Ila kunusurika huko nako kuna gharama: seli ya maneno haiingii kwenye jumla. SUM huiruka kimyakimya.

Kwa hiyo usitume maandishi yanayofanana na namba. Tuma namba yenyewe, ndani ya faili la XLSX. Humo seli hutunza 12500 tupu, bila mkato wala nukta, na ukiipa mtindo wa #,##0 kila kompyuta huipamba kwa desturi ya kwao. CSV haina ulinzi huo, maana ni maandishi matupu, na anayeifungua hubaki kukisia.

Tuseme bei zako za zamani ziko safu ya B, nyingine zina /= na nyingine hazina. Kwenye safu mpya andika:

```
=NUMBERVALUE(SUBSTITUTE(B2,"/=",""),".",",")
```

SUBSTITUTE inaondoa /=, kisha NUMBERVALUE inaambiwa waziwazi kwamba nukta ni ya desimali na mkato ni wa maelfu. Kama umeandika "Sh." mbele ya bei, iondoe kwanza, la sivyo fomula itarudisha kosa la #VALUE! badala ya namba. Utajuaje imekubali? Namba huegemea kulia kwa seli, maneno huegemea kushoto, ilimradi hujapanga safu kwa mkono wako.

Sasa fedha. "Sh." haimwambii mgeni kitu: ni ya Tanzania, Kenya, Uganda au Somalia? Weka safu ya pembeni yenye TZS (au KES, kama uko Kenya), na bei ibaki namba tu. Mimi sipendi kitufe cha kuweka alama ya fedha, kwa sababu mtindo wake wa kawaida huweza kufuata mipangilio ya kompyuta ya msomaji, na shilingi zako zikatokea zimevaa alama ya yuro. Ukitaka pia bei ya dola, weka kiwango cha kubadilishia kwenye seli moja, tuseme H1, na tarehe ya kiwango hicho kando yake. Kwa mfano wa hesabu tu, H1 ikiwa 2500 na bei ya pilipili iko C2:

```
=ROUND(C2/$H$1,2)
```

Jibu ni 5. Kiwango kikibadilika unagusa seli moja, orodha nzima inafuata.

Tarehe ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa kosa lake halionekani. Bei zako zinaanza 03/04/2025, yaani tarehe 3 mwezi wa nne. Mmarekani akiibandika, kompyuta yake inasoma Machi 4, wala hakuna onyo lolote. Lakini 25/04/2025 inabaki maneno, kwa sababu mwezi wa 25 haupo. Safu moja, nusu imepotoka na nusu imekwama.

Na usidhani kompyuta yako iko salama, maana nyingi huja zimepangwa Kimarekani. Andika 25/04/2025 kwenye seli tupu. Ikiegemea kushoto, mashine yako inatanguliza mwezi, na tarehe zote fupi ulizowahi kuichapia zinahitaji kukaguliwa. Ikiegemea kulia, ipe safu nzima mtindo huu:

```
dd-mmm-yyyy
```

Ndani ya seli, Aprili 3, 2025 ni namba 45750, siku zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1900. Mtindo huo huonyesha mwezi kwa herufi, basi hakuna wa kuuchanganya na siku. (Ukiwa na safu ya saa za kupakia mzigo, kumbuka saa 4 asubuhi inaandikwa 10:00.)

Kabla ya kutuma, badilisha mipangilio ya eneo ya kompyuta yako iwe ya Ujerumani, kisha fungua faili upya. Pilipili manga ikisomeka 12.500, kwa nukta, usiirekebishe. Ndivyo mnunuzi wako atakavyoiona.