Je, wajua krimu ya ng'ambo ya ngozi nyeti ina nini ambacho duka la dawa la Kigoma halina?

"Ngozi yangu ni nyeti na nimezoea krimu ya kopo ya CeraVe. Kuiagiza ni ghali na huku Kigoma mara nyingi siipati. Nitajuaje bidhaa ya hapahapa yenye viambato vilevile?"

Geuza kopo usome orodha ya nyuma, ukianzia juu. Sheria za vipodozi za Ulaya na Marekani zinamtaka mtengenezaji apange viambato kwa uzito, kilicho kingi kitangulie. Vile visivyozidi asilimia 1 anaruhusiwa kuvipanga apendavyo. Kwa hiyo majina ya mwanzo ndiyo krimu yenyewe, na ya mkiani mara nyingi ni chembe tu, hata kama ndiyo yaliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya kopo.

Kwenye kopo lako linatangulia maji. La pili ni Glycerin, yaani gliserini. Kisha zinafuata nta laini na mafuta mepesi ya kuipa krimu umbo lake. Usitishwe na neno Alcohol kwenye majina ya nta hizo: Cetearyl Alcohol si spiriti ya kusafishia kidonda, na haikaushi ngozi. Mbele kidogo utakuta Petrolatum, na hayo ni mafuta ya mgando, yaleyale yanayouzwa kila duka la Mwanga na Ujiji. Seramidi, ambazo ndizo zinazotangazwa zaidi, zimeandikwa baada ya chumvi ambayo kwa kawaida huwekwa kidogo tu kurekebisha uchachu wa krimu. Hiyo ni dalili kwamba nazo ni kidogo.

Sisemi seramidi hazina kazi. Ni aina ya mafuta ambayo ngozi yenyewe huyatengeneza ili kuziba nafasi kati ya seli zake, na krimu ya kawaida ya dukani haina. Hilo utalikosa. Lakini sehemu kubwa ya nafuu unayoisikia saa ile unapopaka inatoka kwa wale wawili: gliserini inayoshika maji kwenye tabaka la juu la ngozi, na mafuta ya mgando yanayoyazuia yasipotee hewani. Wote wawili unawapata bila kuagiza chochote.

Kwenye famasi au duka la dawa muhimu omba gliserini tupu, chupa iliyoandikwa Glycerin BP. Herufi hizo mbili zinamaanisha kiwango cha famakopia ya Uingereza, yaani kitabu cha viwango vya dawa, na kiambato kinapaswa kuwa kimoja tu. Losheni zenye neno gliserini kwenye jina ni jambo lingine kabisa, na nyingi zina manukato. Ile iliyochanganywa na maji ya waridi pia iache. Kwa mafuta ya mgando, tafuta kopo lenye kiambato kimoja. Hapa wengi hunasa kwenye yale ya watoto: picha ya mtoto kwenye kopo huwafanya waamini ni mpole, kumbe ndani mna Parfum, na manukato ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mzio wa vipodozi. Fungua unuse. Mgando safi karibu hauna harufu.

Kwa ngozi nyeti, mimi naanza na kile ambacho hakitakiwi kuwemo, halafu ndipo natafuta kinachotakiwa. Parfum au Fragrance ni la kwanza. La pili ni kihifadhi kiitwacho Methylisothiazolinone, ambacho Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku mwaka 2017 kwenye vipodozi vinavyobaki mwilini bila kusuuzwa, kwa sababu ya wingi wa watu kilichowaletea mzio. Losheni yenye gliserini juu na hayo mawili chini haifanani na krimu yako, hata kama nusu ya orodha inalingana.

Namna ya kutumia: oga kwa maji ya vuguvugu, jifute kidogo ngozi ibaki na unyevu. Weka matone matatu ya gliserini kwenye kiganja chenye maji, sugua viganja, paka usoni. Kisha, kabla hujakauka, chukua mgando kiasi cha punje ya kunde, uuyeyushe kati ya vidole, ugandamize juu yake. Gliserini isiyochanganywa na maji usiipake kavu. Inanata, inaweza kuchoma, na wakati wa kiangazi hewa ikiwa kavu inaweza kuvuta maji kutoka kwenye ngozi yenyewe. Wala usichanganye chupa nzima ya maji na gliserini ukaiweka kabatini, maana haina kihifadhi na vijidudu vitaota kabla hujavinusa. Mchana wa joto la Kigoma mgando usoni ni mzito, kwa hiyo wengi huutumia usiku peke yake.

Utaambiwa pia kwamba sabuni ya mawese ya huku inatosha kwa kuwa "ina gliserini ya asili". Ni kweli nusu. Mawese yakikutana na kostiki, mafuta yanavunjika kuwa sabuni na gliserini, karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa mafuta, na sabuni ya kienyeji huibakiza ndani. Tatizo ni kwamba unaisuuza ikaenda na maji, huku sabuni yenyewe, ambayo pH yake, yaani kipimo cha uchachu, huwa 9 au 10, ikibaki na kazi ya kuuvuruga uchachu wa ngozi, ulio karibu na 5. Kama uso wako unawaka baada ya kunawa, shuku sabuni kabla ya krimu. Mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, nayo yanalainisha, ila hayazibi kama mgando, na yale yasiyosafishwa yana harufu na chembechembe ambazo ngozi nyeti inaweza kuzikataa.

Kabla ya uso, jaribu kwenye kiwiko kwa ndani, eneo la ukubwa wa sarafu, asubuhi na jioni kwa siku 7. Gliserini iliyochanganywa na maji kiwiko kimoja, mgando kingine, ili ukiwashwa umjue mkosaji. Watu hujaribu usiku mmoja wakaridhika, ilhali mzio mara nyingi hujitokeza baada ya siku mbili au zaidi. Kuchoma ndani ya dakika chache mara nyingi ni ngozi kuudhika tu, si mzio. Kuwashwa kunakokuja baadaye, kukaleta vipele na kusambaa nje ya pale ulipopaka, kunaelekea kuwa mzio, na hicho kitu usikirudie.

Kuna bidhaa moja utakayopewa ambayo itakupendeza mno: kikopo kisicho na lebo, kilichopimwa kutoka ndoo, kinachotuliza wekundu ndani ya siku mbili na kuing'arisha ngozi. Gliserini haifanyi hivyo, wala mgando. Kasi hiyo inaashiria dawa ya steroidi, pengine pamoja na haidrokwinoni au zebaki. Ukiacha kupaka, wekundu unarudi mkali kuliko ulivyokuwa, nawe unakimbilia kikopo kingine. Vipodozi nchini vinasimamiwa na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na kopo lisiloandikwa viambato, mtengenezaji wala tarehe ya mwisho halikupi hata pa kuanzia kulinganisha. Kama umeshalitumia kwa wiki kadhaa, usiache ghafla kabla ya kuonana na daktari wa ngozi. Nenda nalo lilivyo.