Ngazi ikivunjika na mgeni akaumia, nani alipe?

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina mlango mmoja na ngazi moja ya mbao, lakini wapangaji ni wengi. Chini duka la vitambaa, juu yake fundi cherehani, na ghorofa ya mwisho imekaa familia. Tuseme mama mmoja anapanda kwa fundi kuchukua nguo zake za Sikukuu. Kidato cha tano kinavunjika, anaanguka na kuvunjika mguu. Mwenye nyumba anasema, "Huyo ni mteja wa fundi." Fundi anasema, "Nyumba si yangu."

Sheria ya madhara tuliyoirithi kwa Waingereza haianzi na hati ya nyumba. Inauliza: mahali palipoharibika palikuwa chini ya udhibiti wa nani? Fundi amekodi chumba chake tu. Ngazi inatumiwa na wote, na mwenye nyumba hakuikodisha kwa mtu. Basi ngazi imebaki mikononi mwake, na yeye ndiye wa kwanza kudaiwa. Mama yule angejikwaa kwenye waya wa pasi ndani ya chumba, angedaiwa fundi.

Wakati mwingine udhibiti huwa wa watu wawili. Mwaka 1966 mahakama ya juu ya Uingereza ilisema hivyo katika kesi ya Wheat na kampuni ya Lacon. Mgeni alianguka kwenye ngazi ya baa usiku, akafariki. Kishikio cha ngazi kilikuwa kifupi na taa haikuwa na balbu. Mahakama iliona kampuni yenye jengo na meneja aliyeishi juu wote walikuwa na wajibu kwa mgeni. Hata hivyo mjane hakupata fidia, kwa sababu haikuthibitika kuwa yeyote kati yao alizembea. Huenda balbu ilitolewa na mtu asiyejulikana muda mfupi tu kabla.

Hapo ndipo kesi nyingi zinapoangukia, nami nawasihi wasomaji wapaangalie sana. Kuumia peke yake hakutoshi. Lazima ionekane kwamba mdaiwa aliijua hatari, au angeijua lau angekagua kama mtu makini. Mbao ya ngazi haiozi kwa siku moja. Huanzia pale inapoingia ukutani, kwenye unyevu wa chokaa, au huliwa na mchwa: kidato hulegea, hulia kikikanyagwa, na unga wa mbao huonekana chini yake. Mwenye nyumba aliyepita hapo kila mwezi kuchukua kodi hatoaminika kirahisi akisema hakujua.

Kwa hiyo fundi akiona kidato kinacheza, amwandikie mwenye nyumba, abaki na nakala yenye tarehe, na awaonye wateja wake. Barua ile inathibitisha kwamba mwenye nyumba alijua. Naye aliyeumia apige picha ya mbao iliyovunjika siku hiyo hiyo, sehemu iliyooza ionekane, maana mara nyingi kufikia kesho yake seremala ameshaweka mpya. Aandike majina ya walioshuhudia, na ahifadhi cheti na risiti zote za hospitali. Mkataba wa kodi ukisema mpangaji atabeba hasara yote, hayo ni yao wawili. Mgeni hakutia saini.